Jozi moja kwa siku saba: nilivyomtayarisha mpwa wangu kwa safari ya Dar

Mpwa wangu alinijia kibandani Kongowea Jumamosi moja alasiri, orodha mkononi. Yeye ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na alikuwa ametumwa Dar es Salaam kwa siku 7: ndege ya Mombasa hadi Nairobi, nyingine ya Nairobi hadi Dar, siku nne za kuzunguka mjini kwa miguu kutoka ofisi moja hadi nyingine, kisha chakula cha jioni cha suti na tai, halafu kurudi. Tiketi yake ilikuwa ya begi la mkononi, kilo 7 na si zaidi. Kwenye orodha alikuwa ameandika raba za njiani, viatu vya kutembelea na viatu vya karamu.

Nilichukua jozi moja ya viatu vya ngozi, nambari 42, nikaipeleka kwa jirani yangu anayeuza maharagwe na kuiweka kwenye mizani yake. Ilipungua kilo moja kwa gramu chache tu. "Ukivaa moja ukabeba mbili," nilimwambia, "karibu kilo 2 kati ya hizo 7 zimeshaliwa na viatu."

"Sasa mjomba, ipo jozi moja ya kuyaweza yote hayo?"

Ipo. Lakini wengi huitafuta kwa kuanzia pasipofaa. Huanza na raha ya njiani, wakanunua kitu laini chenye soli nene nyeupe, wakitumaini kwamba usiku wa karamu hakuna atakayetazama chini. Hutazamwa. Mimi hupanga kinyume: naanza na meza ya chakula, narudi nyuma hadi uwanja wa ndege. Sababu yake ni namna kiatu kilivyoundwa. Uso wa kiatu, yaani ngozi ya juu na umbo lake, hauna fundi wa kuubadilisha, kwa hiyo uchaguliwe kwa ajili ya karamu. Soli inaweza kuimarishwa kidogo, na hiyo ni ya barabara. Ndani ya kiatu na kamba unaweza kubadilisha upendavyo, na hapo ndipo raha ya uwanja wa ndege inapotiwa.

Hatua ya kwanza: uso, kwa ajili ya meza

Tafuta kiatu cheusi, cha ngozi laini isiyo na manyoya, chenye ncha ya mviringo, kisicho na matundu ya urembo wala vyuma vya kung'aa, na kiwe cha kamba. Nyeusi kwa sababu usiku na suti nyeusi au ya buluu nzito haina ugomvi. Kahawia ni nzuri mchana lakini usiku huanza kuuliza maswali. Ngozi ya manyoya inapendeza, ila tone moja la mvua au mchuzi huacha alama usiyoweza kuifuta chumbani hotelini.

Sasa geuza macho kwenye kamba, maana hapa ndipo penye siri ya kiatu cha safari. Viatu rasmi vya kamba ni vya aina mbili. Katika aina ya kwanza, mbawa mbili zenye matundu ya kamba zimeshonewa chini ya ngozi ya mbele, zikikutana juu ya mguu kama mlango uliofungwa. Hiyo ndiyo rasmi zaidi, lakini haifunguki vizuri, na mguu ukivimba hauna pa kwenda. Katika aina ya pili, mbawa zimeshonwa juu ya ngozi ya mbele. Ukilegeza kamba zinafunguka kando kama kurasa za kitabu. Chukua hii ya pili. Ukiwa umekaa mezani hakuna atakayeona tofauti, lakini mguu wako utaiona tangu saa ya pili ya safari.

Mpwa wangu alitaka vile vya kuchomeka, visivyo na kamba, kwa sababu ni rahisi kuvua uwanja wa ndege na msikitini. Nilimkataza. Kiatu cha kuchomeka kinaushika mguu kwa kubana tu, hakina njia nyingine. Kikikutosha vizuri asubuhi kitakubana jioni, na ngozi ikishatanuka kwa jasho la siku tatu au nne mfululizo kitaanza kupwaya na kukuchubua kisigino. Kwa mtu mwenye jozi mbili za kubadilisha ni sawa. Kwa wiki nzima ya jozi moja, hapana. Urahisi wa kuvua tutaupata kwa njia nyingine, nitaifikia.

Ngozi ya kweli utaijua kwa kidole gumba. Bonyeza ubavuni: ngozi hujikunja vimikunjo vyembamba vingi kuzunguka kidole, kisha vikapotea. Ngozi bandia hubonyea kama mpira na kurudi bila mikunjo. Tazama pia ukingo uliokatwa, kwa mfano ncha ya ulimi wa kiatu. Ngozi ina nyuzi zilizosongamana tangu juu hadi chini. Bandia ina utando mwembamba juu ya kitambaa. Huku kwetu pwani utando huo hauishi. Joto na unyevunyevu huubambua, na ukianza kubambuka kiwi haisaidii.

Kwa wanawake kanuni ni ileile. Dada yangu, mama yake huyu kijana, husafiri na kiatu cheusi cha ngozi kilichofunika vidole, chenye kisigino kipana cha kama sentimita 3 na mkanda wa kukaza juu ya mguu. Mkanda hufanya kazi ya kamba. Ncha isiwe kali, maana vidole vitano haviingii kwenye pembe moja, na kisigino kiwe kipana kiasi cha kutozama kwenye nafasi kati ya matofali ya kabro. Chini ya buibui au gauni refu kiatu hicho kinaingia karamu yoyote.

Hatua ya pili: ukubwa, na upimwe jioni

Mguu wa asubuhi si mguu wa jioni. Ukisimama, ukitembea au ukikaa kitini kwa saa nyingi, maji ya mwili huteremka na mguu hujaa, na joto huongeza. Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu arudi saa kumi na moja, baada ya kazi, na avae soksi zilezile atakazosafiri nazo.

Nambari usiiamini sana. Katika mtumba, hasa, 42 ya kiwanda hiki si 42 ya kiwanda kile. Hatua moja ya nambari za Ulaya ni kama milimita 7, na ya Kiingereza ni kama milimita 8 na nusu, lakini upana na urefu wa ndani hutegemea kalibu ya kiwanda. Kinachosema kweli ni soli ya ndani. Ivute nje, iweke sakafuni, simama juu yake kwa uzito wako wote. Mbele ya kidole kirefu zaidi ibaki nafasi ya kama sentimita moja. Kando, nyama ya mguu isimwagike nje ya soli, hasa hapo kwenye kidole kidogo. Ukiona mguu umeifunika soli ya ndani ukapita pembeni, kiatu hicho ni chembamba, na kuongeza nambari hakutaponya. Utapata kirefu ambacho bado ni chembamba.

Pima miguu yote miwili. Watu wengi wana mmoja mkubwa kuliko mwingine, na kiatu hununuliwa kwa mguu mkubwa. Mpwa wangu alizoea kuvaa 42. Mguu wake wa kulia ulitaka 43. Tulichukua 43, na ule wa kushoto tukauwekea kipande cha sponji nyembamba chini ya ulimi wa kiatu. Wengi hubandika sponji nyuma ya kisigino, nayo huusukuma mguu mbele na kubana vidole. Ukiiweka chini ya ulimi inausukuma mguu nyuma, kisigino kinakaa mahali pake na vidole vinabaki huru.

Mwisho, shika kiatu ncha na kisigino ukikunje. Kikunjike pale vidole vinapokunjikia, si katikati ya wayo. Kinachokunjika katikati kama gazeti kitauchosha unyayo wako kabla ya adhuhuri.

Hatua ya tatu: soli, na ile hatari isiyoonekana

Hapa niruhusu nikae kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe niliumia.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na jozi nzuri nyeusi niliyoihifadhi kabatini kwa ajili ya mambo makubwa. Niliivaa harusi moja, nikairudisha kwenye boksi lake, ikakaa miaka mitatu hivi. Siku ya safari nikaitoa, inang'aa kama mpya. Nilipokuwa kwenye foleni uwanja wa ndege niliona vipande vyeusi sakafuni, kama makombo ya keki. Vilikuwa vyangu. Soli ilikuwa inavunjika kwa kila hatua, na nilipofika nilikokuwa nikienda, kisigino kimoja kilikuwa kimebaki njiani. Niliingia mkutanoni na ndara nilizonunua barabarani.

Haukuwa uchakavu wa kutembea. Soli nyingi nyepesi hutengenezwa kwa povu la plastiki liitwalo poliyurethani. Ni laini, ni jepesi, linapendeza mguuni, lakini lina adui mmoja: mvuke wa maji hewani. Unyevunyevu hupenya ndani ya povu na kukata minyororo inayolishikilia, polepole, hata kama kiatu kimekaa tu. Joto huharakisha. Kwa hiyo kiatu kilichofungiwa kwenye kabati la Mombasa kwa miaka kinaoza soli huku uso wake ukiwa mzima kabisa. Na ndiyo maana kiatu "kipya" cha zamani, au cha mtumba kilichokaa stoo, kinaweza kukuaibisha kuliko kiatu kuukuu kinachovaliwa kila wiki.

Utaitambua hivi. Geuza kiatu uone kama kimepigwa chapa ya `PU` chini, yaani poliyurethani. Si vyote vina alama, lakini ikiwepo ujue unashika nini. Zamisha ukucha wa kidole gumba kwenye ubavu wa soli, karibu na kisigino ndani, pasipoonekana. Ukucha ukiacha shimo lisilorudi, au pakawa pananata, au unga ukabaki kwenye ukucha, kirudishe kwenye rundo. Kisha kunja soli kwa nguvu mbele ya mwanga utazame mkunjo: nyufa nyembamba kama nywele ni dalili kwamba siku zake zinahesabika. Hakuna gundi inayotibu povu lililooza, kwa sababu gundi inahitaji kitu kizima cha kushika.

Soli ya mpira halisi ni nzito zaidi lakini haiozi hivyo, na inashika sakafu yenye maji. Povu la aina ya ndara nalo halimeng'enyeki kwa unyevu, ila hubonyea likabaki limebonyea. Kwa mpwa wangu nilichagua soli ya mpira mweusi mpaka ukingoni, unene wa kama sentimita moja mbele, na kisigino cha sentimita 2 na nusu. Chini kuna mistari ya kushika, lakini mifupi, isiyoonekana ukitazama kwa ubavu. Soli yenye meno makubwa kama ya buti ingeharibu kazi yote ya uso.

Soli iliyobandikwa kwa gundi peke yake tunaipeleka kwa fundi kabla haijavaliwa, kama ilivyo desturi. Fundi wangu ana kiti chake karibu na Marikiti. Alikitazama kiatu, akapitisha kidole ukingoni, akasema, "Mwanangu, nitakishona, lakini nitachimba mfereji kwanza." Msisitizie fundi jambo hilo. Uzi ukipita juu ya soli bila mfereji unasagwa na barabara ndani ya siku chache na mshono unafumuka. Ukizama ndani ya mfereji unadumu. Kumbuka tu kwamba kila tundu la sindano ni mlango mdogo wa maji, kwa hiyo kiatu kilichoshonwa hivyo hakivuki dimbwi. Alimtoza shilingi 200.

Hatua ya nne: ndani na kamba, kwa ajili ya uwanja wa ndege

Uwanja wa ndege unataka vitu viwili: kuvua na kuvaa upesi, na nafasi ya mguu unaojaa. Vyote viwili vilitatuliwa na kamba za mpira za duara, nyembamba, nyeusi. Unazipitisha kwenye matundu kama kamba za kawaida, unafunga fundo mara moja, unalificha chini ya ulimi, na tangu hapo kiatu cha kamba kinavaliwa kama cha kuchomeka. Mguu ukijaa, kamba inajivuta yenyewe, ukipungua, inarudi. Usizikaze sana. Kamba ya mpira iliyokazwa hubana kila dakika bila kupumzika, na utaona alama zake juu ya mguu usiku. Zile kamba za asili usizitupe. Zikunje uziweke kwenye mfuko wa koti kwa ajili ya karamu.

Ndani, toa soli ya ndani iliyokuja na kiatu ikiwa ni kipande chembamba cha kadibodi, uweke yenye povu la milimita 3 au 4. Hili lifanywe kabla ya kupima ukubwa, si baada. Soli ya ndani inaunyanyua mguu na kula nafasi ya juu, na nimeona watu wakinunua kiatu kinachowatosha, wakaongeza soli nene, kisha wakalalamika kwamba kiatu kimepungua. Iwe ya kutoka, isigandishwe, maana utaitoa kila usiku.

Viatu vingi rasmi vina kipande cha chuma ndani, chini ya wayo, cha kuzuia kiatu kisipinde katikati. Si kasoro. Lakini mashine ya ukaguzi hukipigia kelele. Mimi huwa na sumaku ya spika mbovu hapa kibandani: naipitisha chini ya soli, ikivutwa najua chuma kipo. Kama una viatu viwili vinavyofanana, chukua kisichovuta. Kama ni kimoja, kivue mapema kwenye foleni ukiweke kwenye trei. Mara nyingi utaambiwa uvue hata hivyo, kwa hiyo soksi ziwe nzima.

Hatua ya tano: jaribio la mjini

Kiatu kisafiri kikiwa kimeshazoeana na mguu. Tulikuwa na siku 16. Wiki ya kwanza alikivaa nyumbani jioni, nusu saa, halafu saa moja, halafu kwenda na kurudi dukani. Wiki ya pili nikampa njia ya kutembea, na wewe ukiwa Mombasa unaweza kuifuata hiihii, kwa sababu ina kila aina ya ardhi.

Anzia kwenye Pembe za Moi Avenue, ushuke kando ya barabara hadi Digo Road. Hapo ni mwendo wa kawaida wa mjini, na ndipo utakapojua kama kisigino kinapanda na kushuka ndani ya kiatu. Pita Marikiti, ambako sakafu huwa na maji na maganda. Soli ikiteleza hapo itateleza kwenye marumaru za hoteli pia. Fuata Nkrumah Road hadi Ngome ya Yesu, kisha uingie Mji wa Kale kwa Ndia Kuu. Vichochoro vile vinakulazimisha kugeuka, kupisha mkokoteni, kupanda kibaraza na kushuka, na ni kwenye kugeuka ndiko ukingo wa kiatu unakokata kifundo. Ukisikia adhana, ingia uswali: kuvua na kuvaa mlangoni ni mtihani mzuri wa kamba zako. Maliza kwa tuktuk hadi Likoni, ushuke ile miteremko ya feri yenye maji ya bahari, uvuke, urudi.

Ukifika nyumbani vua soksi utazame ngozi yako mara moja, kabla wekundu haujapotea. Wekundu kwenye kisigino una maana kiatu kinapwaya: kaza kamba au ongeza sponji ya ulimi. Wekundu juu ya kidole kidogo una maana panabana, na fundi anaweza kupatanua hapo pekee kwa kalibu ya mbao, usiku mmoja. Maumivu chini ya wayo si ya kiatu kipya. Ni soli nyembamba au umbo lisilokufaa, na kutembea zaidi hakutayaondoa. Lengelenge likitokea kwenye jaribio, ngoja lipone kabisa ndipo ujaribu tena. Mpwa wangu alirudi na wekundu kifundo cha kulia, upande wa nje. Fundi aliulainisha ukingo kwa kuukanda na mafuta kidogo na kuugonga taratibu kwa nyundo. Jaribio la pili halikuacha alama.

Feri ilimwachia kitu kingine: mstari mweupe wa chumvi kwenye ngozi, juu kidogo ya soli. Usiupake kiwi juu yake, utaufungia ndani na utarudi ukikauka. Changanya maji na siki nyeupe nusu kwa nusu, futa kwa kitambaa, kisha futa tena kwa maji matupu, acha kikauke kivulini.

Hatua ya sita: njiani

Ndege za Mombasa hadi Nairobi na Nairobi hadi Dar ni fupi, mguu haujai sana angani. Hujaa zaidi kwenye kusubiri. Simama, tembea ukumbini, zungusha vifundo ukiwa kitini. Kwa safari ndefu za usiku ni jambo la kuchukuliwa kwa uzito zaidi, na mguu mmoja tu ukivimba huku ukiuma, hilo si la kiatu tena, ni la daktari.

Adui wa jozi moja katika wiki nzima ni jasho. Ngozi iliyolowa kwa siku nzima inahitaji kama siku nzima kukauka, na wewe huna siku hiyo, una usiku tu. Kwa hiyo kila jioni: toa soli ya ndani uisimamishe ukutani, funua ulimi, jaza gazeti kavu ndani bila kushindilia, laza kiatu ubavu ili soli nayo ipate hewa, na feni ielekee hapo. Baada ya saa moja badilisha gazeti. Usikianike juani wala karibu na jiko. Ngozi hukakamaa na gundi hufunguka. Soksi badilisha mara mbili kwa siku, asubuhi na adhuhuri, na zisiwe pamba tupu, kwa kuwa pamba hushika maji ikayakalisha kwenye ngozi. Mchanganyiko mwembamba wa sufu au nailoni hukauka upesi, hata ukizifua kwenye sinki usiku. Ukishafika ulikofikia, vaa ndara za nyumba, ukiache kiatu kipumzike. Karibu kila nyumba ya pwani inazo mlangoni.

Siku ya tatu mpwa wangu alinyeshewa Kariakoo. Alinipigia simu saa mbili usiku, sauti ya mtu aliyekata tamaa: viatu vimelowa hadi ndani, na karamu ni keshokutwa. Nilimwambia afanye yaleyale, ila gazeti alibadilishe mara nne na asikivae asubuhi mpaka aguse ndani ya ncha kwa vidole. Kilikuwa na ubaridi kidogo, hakikuwa na maji. Alivaa soksi kavu akatoka. Kama pangekuwa na maji bado, ningemwambia achelewe ofisini, maana ngozi laini iliyolowa huchubua mguu uliozoea, na mtembeo wa siku moja unaweza kulipoteza umbo la kiatu.

Siku ya karamu yenyewe, anza mapema kwa saa mbili. Toa kamba za mpira. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, pamoja na ule mfereji kati ya uso na soli ambako vumbi hujificha, acha kikauke. Paka kiwi nyeusi kidogo sana kwa soksi kuukuu, kwa mizunguko midogo, ngoja dakika 10, kisha piga brashi mpaka joto lisikike. Ukingo wa soli nao uupake, kwa sababu kijivu cha barabara hapo ndicho kinachomwambia mtu kwamba kiatu hiki kilikuwa sokoni jana. Pitisha kitambaa kikavu mara ya mwisho, la sivyo kiwi itahamia kwenye pindo la suruali. Ukiwa huna kiwi, tafuta mng'arisha viatu mjini mchana. Sasa rudisha kamba za asili, nyembamba, uzifunge kwa usawa. Mabadiliko hayo madogo ya kamba ndiyo yanayokirudishia kiatu urasmi wake.

Alirudi Jumapili, akapitia kibandani na viatu vyake miguuni. Uso ulikuwa mzima, mshono haukufumuka. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimelika upande wa nje, milimita 2 hivi. Nilimtuma kwa fundi siku ileile akabandikiwe kipande cha mpira kabla kisigino hakijapinda, na nikamwambia avipumzishe viatu kwa siku mbili juu ya rafu penye hewa, si ndani ya boksi.